Orodha ya maneno haimfikishi mwanagenzi wa Kiswahili safari yake

MWAKA jana mjini Kitale nilimfundisha Kiswahili mtu mzima mmoja kutoka Sudan Kusini. Alinijia na kijitabu alichopewa katika darasa fulani la jioni. Kilikuwa na maneno mia mbili: neno la Kiswahili kushoto, maana yake kulia. Alikuwa ameyakariri yote. Nilipomuuliza “panda” ni nini, alijibu papo hapo: kuingia katika gari.

Siku moja alitaka kwenda Bungoma kuanza kazi. Akamwendea mama mmoja muuza mitumba karibu na soko, akamwambia: “Mimi panda Bungoma. Wapi?” Ulikuwa mwezi wa tatu, wakati ambapo Trans Nzoia nzima inawazia mbegu na mbolea. Mama akamuuliza, “Unapanda nini huko, kijana wangu?” kisha akamwelekeza kwenye agroveti. Matatu ikamwacha.

Kosa halikuwa la mama wala la mwanafunzi. Lilikuwa la kijitabu.

Hebu tulitazame neno lenyewe. “Tunapanda mahindi.” “Tunapanda matatu.” “Bei imepanda.” Ni kitenzi kilekile kwa umbo, lakini mahindi yanaleta maana ya kutia mbegu ardhini, matatu inaleta maana ya kuabiri, na bei inaleta maana ya kuongezeka. Maana haikai ndani ya neno pekee. Inapatikana kwa jirani yake. Orodha humfukuza jirani huyo, kisha ikateua maana moja na kuzinyamazia nyingine.

Pili, kitenzi cha Kiswahili ni nadra kutembea peke yake. Ukiondoa amri, mwanafunzi atasikia “nimepanda”, “hatupandi”, “hajapanda”, “watapanda”. Aliyekariri “panda” tu hatalitambua neno lake likiwa limevaa viambishi mbele na nyuma. Atakwambia kwamba Wakenya wanasema haraka mno, kumbe hajawahi kuonyeshwa neno hilo lilivyo kinywani mwa watu.

Tatu ni ngeli. “Gunia” na “bei” zikiwa kwenye orodha zinafanana: hakuna yenye kiambishi cha kumtahadharisha mgeni. Ziweke katika sentensi na tofauti itajitokeza yenyewe: “Gunia limejaa”, “Bei imepanda”. Yule mwanafunzi alikuwa akisema “gunia imejaa”. Ni kweli hata wenyeji wengi huku kwetu husema hivyo mitaani, lakini wao wanajua wanachokiacha. Yeye hakuwa na cha kuacha.

Watetezi wa orodha wana hoja yao, na sitaipuuza. Mwaka 1996 mtafiti Peter Prince alilinganisha njia hizi mbili kwa watu waliokuwa wakijifunza Kiingereza. Waliopewa maneno pamoja na tafsiri walikumbuka maneno mengi zaidi. Hata hivyo, wale wenye ujuzi mdogo walishindwa kuyahamishia katika sentensi. Kwa hiyo ukiwapa mtihani wa kutaja maana, orodha itashinda. Swali ni iwapo mtihani huo ndio unaomfikisha mtu Bungoma.

Tulianza upya. Siku ya kwanza tulishika vitu: “Hili ni gunia.” “Hii ni kalamu.” Ngeli iliingia pamoja na neno, bila mimi kuitaja. Baada ya hapo kila sentensi ilikuwa na maneno mawili hadi manne, na jipya lilikuwa moja tu. Hilo ndilo sharti ambalo walimu wengi hulivunja. Sentensi yenye maneno matatu mageni ni orodha iliyojificha. Mwanafunzi hajui alishike lipi.

Sentensi nayo ina mtego wake: yaweza kukaririwa kama wimbo, bila kufahamika. Kipimo ni kubadilisha kipande kimoja. Akisema “Ninapanda mahindi”, mwambie aseme kuhusu maharagwe, kisha kuhusu kesho, kisha akanushe. Akikwama katika “sipandi”, jua kwamba bado ameshika sauti tu.

Je, orodha haina kazi kabisa? Inayo, kwa mambo yanayofuatana kwa mpangilio maalumu, kama siku za wiki na kuhesabu. Lakini hata nambari zikifika sokoni hubadilika: “mbili” ya orodha inakuwa “magunia mawili”.

Baada ya majuma machache mwanafunzi wangu alirudi stendi. Akasema, “Nataka kupanda matatu ya Bungoma.” Makanga akamjibu kwa neno moja: “Panda.” Hilo ndilo neno lililokuwa katika kijitabu chake, tena likiwa peke yake vilevile. Safari hii alijua lilikotoka, akapanda.