Maswali Kabla ya Bakuli

Pongezi kwa mafundi wa saluni wanaomkabidhi mwanagenzi karatasi ya maswali kabla ya bakuli na brashi. Swali la kwanza ndilo zito: nywele hizi zimewahi kupakwa nini? Nywele hukua kama sentimita 1.25 kwa mwezi, kwa hiyo ncha za nywele za sentimita 30 zimebeba historia ya miaka miwili. Mteja anayetaka rangi ya asali atasema hajawahi kupaka rangi. Mtajie hina na piko, ataikumbuka harusi ya mwaka jana. Hapo mpango hubadilika, maana rangi mpya haing'arishi rangi ya zamani, na hina ya dukani yenye chumvi za metali huweza kupata moto ikikutana na peroksaidi. Hukatwa kwanza kishungi kidogo kisogoni, kikajaribiwe.

Piko ina jambo jingine. Kama iliwahi kumtoa malengelenge mkononi, rangi ya kudumu haichanganywi. Amwone daktari wa ngozi. Wengine wote hupakwa tone nyuma ya sikio, warudi baada ya saa 48. Wapo wanaonuna. Wanune tu.