Ufundi wa Ukurasa Mmoja wa Elektrokemia

Kitabu cha kemia kina nafasi ya kutosha kueleza kila jambo mara mbili. Karatasi ya kudurusu haina nafasi hiyo, na ufundi wake umo humo. Anayeitunga vizuri hafupishi sura nzima. Anatafuta mahali ambapo kalamu ya mtahiniwa huteleza, kisha anaweka pale kitu cha kushika.

Juu kabisa ya karatasi kama hiyo huwapo seli ya zinki na shaba, aliyoibuni Mwingereza John Frederic Daniell mwaka 1836:

Zn(s) | Zn²⁺(aq) || Cu²⁺(aq) | Cu(s)

Mstari huu mmoja unatosha badala ya mchoro wa bika mbili na nyaya zake. Mstari wima mmoja ni mpaka kati ya metali na myeyusho, na miwili ni daraja la chumvi. Kushoto zinki inapoteza elektroni, kulia ioni za shaba zinazipokea, na elektroni hupita kwenye waya wa nje kutoka kushoto kwenda kulia. Mwanafunzi aliyeusoma hivyo hana haja ya kukariri ni upande upi unaoliwa.

Chini yake huja namba mbili tu: −0.76 V ya zinki na +0.34 V ya shaba. Zote zimepimwa dhidi ya elektrodi ya hidrojeni, iliyopewa sifuri kwa makubaliano, na zote zinahusu kupokea elektroni. Kanuni ni kulia kutoa kushoto: 0.34 − (−0.76) = 1.10 V. Anayepata −0.42 ameimeza alama moja ya kutoa, na jibu lenyewe linamshtaki, maana seli inayotoa umeme yenyewe haiwezi kuwa na volti hasi.

Mtego mkubwa zaidi hujitokeza shaba inapobadilishwa na fedha, ambayo potenshali yake ni +0.80 V. Zinki hutoa elektroni mbili, lakini ioni ya fedha hupokea moja tu, kwa hiyo mlinganyo unahitaji ioni mbili za fedha. Wengi huzidisha na volti pia, wakapata 2.36 V. Jibu sahihi ni 1.56 V. Volti ni jouli kwa kila kulombi: fedha ikiongezwa maradufu, nishati huongezeka maradufu na chaji nayo vilevile, uwiano ukabaki palepale. Bei ya kilo ya sukari haibadiliki kwa sababu mtu amenunua kilo mbili.

Kwenye elektrolisisi, karatasi nzuri hutanguliza onyo. Anodi ni pale elektroni zinapopotezwa, siku zote. Kinachobadilika ni alama: kwenye seli ya Daniell anodi ni hasi, ila kwenye elektrolisisi imeunganishwa na ncha chanya ya betri. Kisha huja myeyusho wa salfeti ya shaba, kwa sababu unatoa majibu mawili kutegemea elektrodi. Anodi ikiwa ya shaba, huyeyuka yenyewe na rangi ya buluu haififii. Ikiwa ya platini, maji ndiyo yanayopoteza elektroni. Oksijeni hutoka, rangi hufifia na myeyusho huwa asidi.

Hali hiyo ya pili ndiyo inayofanya kazi kwa ukubwa mno katika ukanda wa shaba wa Kongo, ambako anodi za aloi ya risasi hutumika na shaba huvunwa kwenye kathodi. Mabamba yake hupakiwa kwenye malori, na mengi hufika bandari ya Dar es Salaam.

Mahesabu hupewa robo ya mwisho ya ukurasa, na hatua nne tu: chaji, moli za elektroni, moli za metali, gramu. Tuseme mkondo wa ampea 0.50 umepita kwa sekunde 1,930. Chaji ni kulombi 965. Zikigawanywa kwa 96,500, zinapatikana moli 0.0100 za elektroni. Kila ioni ya shaba hula elektroni mbili, hivyo shaba ni moli 0.00500, na zikizidishwa kwa 63.5 zinatoa gramu 0.318. Anayesahau hatua ya tatu hupata 0.635, maradufu kamili, na hapo ndipo mtunzi anapoandika kwa wino mwekundu: gawanya kwa chaji ya ioni.

Pembeni hubaki nafasi ya sentensi moja ya maabara. Kwa elektrodi za shaba, anodi ingepaswa kupungua gramu zilezile ambazo kathodi imeongezeka; ikiwa si shaba safi, hupungua zaidi, kwa kuwa uchafu wake huanguka chini ya bika bila kufika ng'ambo.