Mia Nane Kila Mmoja

Hadithi hii fupi inahusu vijana wanne wanaofanya mazoezi gerejini, na shoo yao ya kwanza ya kulipwa kwenye baa ndogo. Wameahidiwa elfu nane. Mwenye baa anakata bia walizokunywa na maiki aliyowakodishia, wanabaki na elfu tatu na mia mbili. Mia nane kila mmoja, na mwenye pikapu iliyobeba drams bado anadai. Hesabu hiyo ndiyo ukurasa bora kabisa. Hakuna anayelia, wanahesabu tu noti.

Shida iko jukwaani. Tunaambiwa mwimbaji alitoka nje ya tyuni kwa woga. Sasa, mwandishi mwenyewe ametuonyesha spika mbili tu, zote zikitazama wateja. Hakuna ya kumrudishia mwimbaji sauti yake. Drams zinajaza chumba, mpiga gitaa anaongeza ampu ili asikike, na mwimbaji hajisikii kabisa, kwa hiyo anapayuka. Ukimwongezea maiki, spika zinapiga mluzi. Dawa ni mpiga drams kupunguza mkono. Je, atakubali, usiku wake wa kwanza mbele ya watu? Ugomvi wa kweli ulikuwa hapo, woga ukaufunika.

James Baldwin, katika hadithi yake ya 1957 kuhusu mpiga piano wa Harlem, anampa mpiga besi kazi ya kumsikiliza na kumwongoza mwenzake. Huku hakuna anayemsikiliza mwenzake, na mwandishi hakuligundua hilo. Bado, isomeni, hata kwa ule ukurasa wa noti tu.