Kauli Bila Sanadi: Uhakiki wa Maneno ya "Uhuru Baada ya Kusema" Yanayonasibishwa na Idi Amin

Makala haya yalianzia katika kikao kidogo kilichofanyika Kyebando, kaskazini mwa jiji la Kampala. Tulikuwa tukipitia rasimu ya mapendekezo ya sera kuhusu uhuru wa vyombo vya habari. Ukurasa wa kwanza ulifunguliwa kwa kauli ambayo takriban kila aliyehudhuria aliijua kwa moyo: kwamba uhuru wa kusema upo, ila uhuru baada ya kusema hauna mdhamini. Chini yake liliandikwa jina la Idi Amin. Mshiriki mmoja aliuliza kauli hiyo ilitolewa lini na mbele ya nani. Mwandishi wa rasimu hakuwa na jibu, na sisi wengine hatukuwa nalo pia. Swali lile ndilo linalojadiliwa hapa.

Wanazuoni wa hadithi wametuachia njia inayofaa kwa kazi hii. Wao hutenganisha matini, yaani maneno yenyewe, na sanadi, yaani mlolongo wa watu walioyapokea na kuyafikisha. Matini inaweza kuwa nzuri na ya kuaminika huku sanadi yake ikiwa imekatika. Tukiipima kauli yetu kwa mizani hiyo, tunaanza na sanadi.

Amin alitawala tangu tarehe 25 Januari 1971 hadi Aprili 1979, na maneno yake hayakuwa machache wala ya siri. Hotuba zake zilitangazwa na Radio Uganda na kuchapishwa katika gazeti la serikali, Voice of Uganda. Idhaa ya nchi yake ilisikilizwa pia na wafuatiliaji wa matangazo wa Uingereza na Marekani, ambao walitafsiri na kuweka tarehe. Mwaka 1974 mtengenezaji wa filamu Barbet Schroeder alitoa filamu ambayo ndani yake Amin anaonekana na kusikika akizungumza kwa kirefu, hata mbele ya mawaziri wake. Kwa hiyo kauli ya kweli ya Amin kwa kawaida huja na anwani. Simu yake ya maandishi ya Septemba 1972 kwa Kurt Waldheim, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, iliyosifu mauaji ya Wayahudi yaliyofanywa na Hitler, ni mfano: aliyetuma anajulikana, aliyepokea anajulikana, na mwezi unajulikana. Maneno yale ni ya kutisha kiasi kwamba mtu angependa kuamini yalibuniwa, lakini sanadi yake inatukatalia.

Kauli ya "uhuru baada ya kusema" hairudiwi hivyo. Katika makala, vitabu vya nukuu na hotuba, huja na jina la Amin peke yake, bila siku, mahali wala msikilizaji. Umbo lake nalo halitulii. Mara msemaji ni "mimi" anayekataa kutoa dhamana. Mara hakuna msemaji, ni taarifa tu kwamba uhuru wa pili haupo. Nukuu iliyotoka katika maandishi mamoja hubeba alama ya maandishi hayo hata inapokosewa. Inayobadilika kila inaposimuliwa, bila mtu kuona haja ya kuisahihisha, inaenenda kama mzaha unaopokezanwa kwa mdomo.

Na kwa hakika mzaha huo upo kwingine. Katika Umoja wa Kisovieti watu walitaniana kwa kulinganisha katiba yao na ya Marekani: zote mbili zinadhamini uhuru wa kusema, ila ya Marekani inadhamini pia uhuru baada ya kusema. Kiini ni kilekile, na hakuna haja ya Amin ndani yake. Hili halithibitishi kwamba Amin hakusema. Mtawala anaweza kurudia utani aliousikia. Linachothibitisha ni kwamba maneno haya yaliweza kuishi na kusafiri bila yeye, na hivyo kuwepo kwake midomoni mwa watu si ushahidi kwamba yalitoka kinywani mwake.

Matini nayo ina la kusema, ingawa kwa sauti ndogo. Utani huu umejengwa juu ya Kiingereza, ambamo haki ya kusema ina jina lililoganda, na mzaha hubadilisha kihusishi kimoja tu ndani ya jina hilo. Kwa Kiswahili, lugha ambayo Amin aliizungumza kwa wepesi kuliko Kiingereza, maana inabaki lakini mshindo unapungua. Hata hivyo Amin alihutubia kwa Kiingereza pia, kwa hiyo hoja hii inaongeza shaka bila kuamua kesi.

Mtafiti anaweza kudhani kwamba kuipata kauli katika chapisho la miaka ya 1970 kungemaliza mjadala. Kusingemaliza. Katika miaka hiyohiyo Alan Coren aliandika katika jarida la vichekesho la Punch la London taarifa za kubuni zilizojifanya zimetoka kwa Amin, zikakusanywa kuwa kitabu mwaka 1974. Msomaji wa leo anayekutana na sentensi iliyokatwa humo ataona tarehe sahihi na jina sahihi, lakini maneno ni ya mwingine. Ndiyo maana baada ya kuuliza "lini?" lazima tuulize "katika utanzu gani?" Picha nazo zina mpaka wake. Maonyesho ya mwaka 2019 katika Jumba la Makumbusho la Uganda, Kamwokya, karibu na hapo Kyebando, yalitoa hadharani picha nyingi za Amin zilizohifadhiwa na shirika la utangazaji la taifa. Picha inaweza kuthibitisha kwamba alisimama mbele ya kipaza sauti. Haiwezi kuthibitisha alichosema.

Kwa nini basi kauli imemganda? Kwa sababu inamfaa. Padri Clement Kiggundu, mhariri wa gazeti la Munno, aliuawa Januari 1973. Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikamatwa katika Mahakama Kuu Septemba 1972 na hakurudi. Utawala ulitenda kile ambacho kauli inakisema, na hapa ndipo mtego ulipo: ukweli wa jambo hugeuzwa kuwa ukweli wa nukuu. Nukuu inayomfaa mtu kupita kiasi inahitaji kuchunguzwa zaidi, kwa kuwa kufaa kwake kunatosha kueleza jinsi ilivyompata.

Hukumu yetu ni kwamba kauli hii haijathibitishwa kuwa ya Amin. Toleo la gazeti lenye tarehe, taarifa ya wafuatiliaji wa matangazo au kanda ya sauti vingeweza kuibadilisha. Hadi hapo, aandikaye aseme "hunasibishwa na", na asiitumie kama ushahidi wa sera ya utawala ule.

Kwa mshauri wa sera hili si suala la adabu ya tanbihi. Mpinzani wa mapendekezo akigundua kwamba nukuu ya ukurasa wa kwanza haina chanzo, ataitumia kutilia shaka kurasa zote zinazofuata. Kuna hasara nyingine pia. Rasimu ile ya Kyebando ilikuwa na mzaha wa Amin lakini haikuwa na jina la Kiggundu. Msomaji angetabasamu kwa werevu wa dikteta kabla ya kufikia hoja, na aliyelipa gharama ya kusema asingetajwa popote. Kikao kiliamua kuifuta nukuu, na nafasi yake ikachukuliwa na sentensi moja kuhusu mhariri wa Munno na mwezi aliouawa.