Moja Kamili: Namna ya Kukagua Jedwali la Uwezekano

Chukua majedwali mawili ya mchezo uleule. Unarusha dadu tatu kwa pamoja na kujumlisha nukta zilizo juu. Kila jumla, kuanzia 3 hadi 18, imeandikiwa uwezekano wake kwa nafasi mbili za desimali. Unajumlisha safu zote kumi na sita. Jedwali la kwanza linatoa 1.00 barabara, la pili linatoa 1.02. Kanuni inajulikana: uwezekano wa matokeo yote ukijumlishwa lazima uwe moja, maana dadu zikishatulia, mojawapo ya jumla hizo imetokea. Wengi watalitupa la pili. Mimi nalitupa la kwanza.

Sababu iko kwenye hesabu iliyofichwa na desimali. Dadu ya kwanza ina nyuso 6, ya pili 6, ya tatu 6, kwa hiyo miangukio yote ni 6 × 6 × 6, yaani 216. Jumla ya 3 hupatikana kwa njia 1 tu, ya 4 kwa njia 3, kisha zinafuata 6, 10, 15, 21, 25, na jumla ya 10 ina njia 27. Kuanzia 11 hesabu inarudi nyuma kama ilivyopanda: 27, 25, 21, hadi 1. Inarudi hivyo kwa kuwa nyuso mbili za dadu zinazopeana mgongo hujumlika 7. Mwangukio wowote wa 10 ukiupindua chini juu unapata mwangukio wa 11. Nusu ya kwanza ina njia 108, na nusu ya pili 108. Jumla ni 216 juu ya 216. Hiyo ndiyo moja kamili.

Sasa geuza sehemu hizo kuwa desimali za nafasi mbili. 1/216 ni 0.0046, nayo inaandikwa 0.00, kana kwamba jumla ya 3 haiwezi kutokea kabisa. 27/216 ni 0.125 kamili, inapandishwa kuwa 0.13, na inapandishwa mara mbili kwa sababu 10 na 11 ni pacha. Ukizikadiria safu zote hivyo kisha ukajumlisha, unapata 1.02. Hakuna kosa popote isipokuwa vumbi la kukadiria.

Na lile jedwali lililotoa 1.00? Mwandishi wake alipoorodhesha njia za kupata 10 alisahau mwangukio wa 4, 3 na 3. Badala ya 27 akaandika 24. 24/216 ni 0.111, ikawa 0.11. Zile 0.02 zilizopotea hapo ndizo zilizoifuta ziada ya ukadiriaji, na jumla ikatua kwenye moja kwa bahati. Kosa limeficha vumbi, vumbi limeficha kosa.

Kwa hiyo kabla ya kujumlisha, nauliza jedwali linaruhusiwa kupotoka kiasi gani. Kila safu ya nafasi mbili inaweza kupotoka hadi 0.005, safu ni 16, basi jumla inaweza kwenda kombo hadi 0.08 bila mtu kukosea. Njia tatu zilizosahauliwa ni 3/216, takriban 0.014, zinajificha humo bila shida. Ongeza nafasi moja ya desimali na mpaka unashuka hadi 0.008. Hapo kosa halina pa kujificha: jedwali sahihi linatoa 1.000, na lenye kasoro linatoa 0.986. Jedwali la nafasi mbili lenye safu nyingi huwa silikagui kwa kujumlisha. Naomba sehemu zenyewe.

Sehemu zikiwapo, upungufu wenyewe unasema. Nyuso tatu tofauti, kama 6, 3 na 1, zinaweza kupangika kwa njia 6. Zikiwamo mbili zinazofanana, kama 4, 3 na 3, njia ni 3. Zote tatu zikifanana, njia ni 1. Basi ukijumlisha ukapata 213/216, anza kutafuta kundi lenye nyuso mbili sawa lililoachwa. Ukipata 215, tafuta nyuso tatu sawa, kwa mfano 3, 3 na 3 katika jumla ya 9. Ukipata 210, kuwa mwangalifu: huenda ni kundi moja la nyuso tofauti, au ni kundi la njia 3 lililosahauliwa katika nusu ya kwanza, halafu mwandishi akainakili nusu hiyo kwenye ya pili pamoja na kosa lake. Mtu anayenakili pacha anapoteza ukaguzi mzuri kuliko wote, yaani kuhesabu 11 upya na kuona kama inalingana na 10.

Lakini kuna jedwali baya zaidi ya hilo, nalo hutoa moja kamili kwa sehemu, bila vumbi lolote. Wacheza kamari wa Italia walikuwa wameona kuwa 10 hutokea mara nyingi kidogo kuliko 9, ingawa kila moja ina makundi 6. Kwa 9 kuna 621, 531, 522, 432, 441 na 333. Kwa 10 kuna 631, 622, 541, 532, 442 na 433. Mwanzoni mwa karne ya 17 Galileo Galilei aliandika maelezo mafupi kujibu swali hilo: makundi hayana uzito sawa, na ukihesabu njia badala ya makundi unapata 27 dhidi ya 25.

Hesabu makundi yote kama walivyofanya wacheza kamari na utapata 56. Gawa kila idadi ya makundi kwa 56 na jedwali linajumlika 56/56. Moja safi, lakini jedwali la uongo, linalosema 9 na 10 zina 6/56 kila moja. Namba zozote, ukiigawa kila moja kwa jumla ya zote, moja haikosi, hata kama umehesabu mbuzi. Ndiyo maana jicho langu la kwanza huenda kwenye asili, namba ya chini. Hii 216 imetoka wapi? Kama imetoka kwenye 6 × 6 × 6, kabla ya njia kuhesabiwa, basi kufika 216 kwa kujumlisha ni ushahidi. Kama imepatikana kwa kujumlisha hizohizo za juu, ukaguzi haujafanyika bado.

Kwenye kompyuta kuna vumbi la aina nyingine. Mashine huhifadhi desimali kwa tarakimu za mbili, na 0.1 haiandikiki humo kwa ukamilifu. Katika Python, anza na sifuri, ongeza 0.1 mara kumi kwa kitanzi, na utapata 0.9999999999999999. Kwa desimali hizo usiulize kama jumla ni sawa na 1. Uliza kama iko karibu, kwa `math.isclose`. Dadu zenyewe hazihitaji ukaribu wowote:

```
from fractions import Fraction
h = [1, 3, 6, 10, 15, 21, 25, 27]
h = h + h[::-1]
p = [Fraction(n, 6**3) for n in h]
print(sum(p) == 1)
```

Jibu ni `True`. Tazama `6**3` iliyoandikwa pale. Ungeweka `sum(h)` mahali pake, jibu lingebaki `True` hata kama 27 ya kwanza ingeandikwa 24.