Kifuko cha Kutia Kabatini: Kipi Kitanukia Mwakani?

Kifuko kinachokufikia puani kabla hujakishika ndicho cha kukitilia shaka kwanza. Maua makavu, viungo na mwerezi hunukia kwa upole, na harufu yake hujitokeza vizuri ukikifinya. Ikiwa duka zima linanukia, huenda ndani mmemwagwa matone ya mafuta ya manukato. Mwombe muuzaji akifungue, toa petali moja, ibane katikati ya karatasi nyeupe na uiache kwa muda. Petali kavu haiachi doa la mafuta. Iliyotiwa mafuta huacha, na doa hilo ndilo litakalohamia kwenye hariri yako.

Ua ndilo linalowadanganya wengi, kwa sababu ndilo linalopendeza macho. Asumini, ambalo jioni hujaza chumba kizima likiwa bichi, likikauka hubaki karibu bila harufu. Ndiyo maana kikuba cha asumini ni pambo la usiku mmoja, na kifuko cha asumini kavu kinachonukia asumini kimetiwa kitu kingine. Waridi huhifadhi harufu kiasi, hasa likianikwa kivulini. Lavenda huyashinda yote mawili, maana mafuta yake yamo kwenye vitezi vidogo vinavyolifunika ua, na kila ukikifinya kifuko baadhi hupasuka. Lavenda nzuri iliyofungwa katika kitambaa hunukia kwa miezi kadhaa, pengine hadi mwaka. Waridi pekee, lisilochanganywa na kitu, hufifia mapema zaidi.

Kwa pwani yetu yenye unyevu, jambo la kupima kabla ya harufu ni ukavu. Petali iliyokauka sawasawa huvunjika. Ikipinda, bado ina maji, na kifuko kitaota ukungu ndani ya droo. Mfungaji wa mchanganyiko mzuri huufungia kwanza kwenye chupa ya kioo kwa wiki mbili hivi. Kioo kikifanya umande kwa ndani, huutoa na kuuanika tena.

Uti wa mgongo wa kifuko ni karafuu. Karafuu ya Pemba iliyoanikwa vizuri huwa na kichwa kizima na rangi ya hudhurungi iliyoiva. Ikandamize kwa ukucha: mafuta yatajitokeza kwenye mguu wake. Au itupe kwenye maji. Yenye mafuta huzama au husimama wima kichwa kikiwa juu. Iliyokwisha mafuta huelea ikilala. Tazama pia makonyo, yaani vijiti vya kishada. Nayo hunukia, ila mafuta yake ni machache mno kuliko ya karafuu yenyewe, na mfungaji anayetaka faida huyajaza ili kifuko kionekane kimenona. Karafuu inatakiwa iwe nzima. Ya kusaga hunukia kwa nguvu wiki za mwanzo kisha hulala, kwani mafuta yake yote yako wazi kwa hewa.

Mwerezi hudumu kuliko vyote, kwa sababu mafuta yake ni mazito na hayaruki upesi. Ule wa nyanda za juu za Kenya, uliowahi kusafirishwa kutengenezea kalamu za risasi, una kiini chekundu na kando nyeupe. Harufu imo kwenye kiini. Vipande vyeupe havina faida. Baada ya muda uso wa kipande hukauka na kunyamaza. Usikitupe, kisugue kwa msasa laini kidogo, nacho kitanukia tena.

Mimi hufunga hivi: kwa kifuko cha gramu 40, gramu 20 za lavenda, 10 za karafuu nzima na 10 za vipandevipande vya kiini cha mwerezi, katika pamba nyembamba iliyofumwa kwa kubana. Hufungwa kwa utepe, si kwa kushonwa, ili kifunguliwe. Mwezi wa kwanza ua ndilo linalosikika. Baadaye karafuu hushika usukani, na mwakani mwerezi ndio unaobaki. Hapo hubadilisha lavenda tu. Kifuko hakigusi nguo nyeupe moja kwa moja. Hukitundika au hukiweka pembeni.

Wala usihukumu kwa pua yako ya nyumbani. Anayelifungua kabati kila asubuhi huizoea harufu hadi asiisikie, akadhani imekwisha. Mpe mgeni anuse, au funga droo siku chache kisha uifungue.

Ukinunua, uliza maua yalivunwa lini na karafuu ni ya msimu gani. Asiyeweza kujibu, usimlipie bei ya mchanganyiko mpya.