Kumwomba Mhadhiri Barua

Mhadhiri anayefundisha darasa la watu mia tatu hana ubaya na mwanafunzi wake, hamkumbuki tu. Akiombwa barua ya mapendekezo, anatazama hati ya matokeo, anaiona alama ya somo lake, kisha anaandika kwamba mwombaji ana bidii, nidhamu na ushirikiano. Wanaosoma barua hizi kwa wingi wanaielewa lugha hiyo: mwandishi hamjui anayemwandikia. Ndiyo maana nawavulia kofia wanafunzi wachache wanaojua kuomba. Ustadi wao ni kumrudishia mwalimu kumbukumbu bila kumtilia maneno mdomoni.

Tuseme binti aliyesoma kemia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam anaomba nafasi ya uzamivu Marekani, na mwisho wa kupokea maombi ni tarehe 15 Desemba. Hamwendei aliyempa A katika ukumbi uliofurika. Anamwendea msimamizi wa mradi wake wa mwaka wa mwisho, hata kama huyo alimpa B+, kwa sababu ndiye aliyemwona akifanya kazi. Anakwenda mwishoni mwa Oktoba, wiki sita kabla, ili mwalimu apate wikiendi moja yenye utulivu kati ya kusahihisha na vikao.

Ombi lenyewe ni fupi. “Shikamoo Dokta. Naomba uzamivu, na ningefurahi ukiwa mmoja wa wadhamini wangu. Je, unanifahamu kiasi cha kuniandikia barua nzito? Kama majukumu yamekubana, nitaelewa kabisa.” Sentensi ya mwisho inampa mwalimu nafasi ya kukataa bila aibu. Akijibu, “Haya, nitumie tu, nitaona,” binti ashukuru, kisha atafute mwingine. Barua ya shingo upande hudhuru zaidi kuliko kukataliwa.

Akikubaliwa, anatuma kila kitu katika barua pepe moja: wasifu, hati ya matokeo, maelezo ya nia yake ya masomo hata kama bado ni rasimu, na orodha ya vyuo pamoja na tarehe zake. Kilicho bora kuliko vyote hivyo ni ukurasa mmoja wa matukio. Anaandika jina alilosajiliwa nalo, mwaka aliosoma, kisha: “Mradi wangu ulihusu floraidi katika maji ya visima vya Arusha. Katikati ya vipimo niligundua kwamba elektrodi inasoma juu kuliko inavyopaswa. Niliisawazisha upya kwa miyeyusho ya viwango vinavyojulikana, nikarudia sampuli zote.” Hajajisifu hata kidogo. Lakini mhadhiri akisoma hapo anaikumbuka maabara, na anaweza kuandika sentensi ambayo haiwezi kumhusu mwanafunzi mwingine yeyote.

Wapo wahadhiri wanaosema, “Andika mwenyewe, lete nisaini.” Desturi hii imezoeleka, nami siipendi. Mwombaji akiandika barua zote mwenyewe, zinatoka na sauti moja, na msomaji makini huliona hilo mapema. Ajibu kwa upole kwamba ameandaa maelezo yatakayorahisisha kazi, kisha akabidhi ule ukurasa. Tena kuna suala la usiri: Marekani, sheria ya mwaka 1974 ya kumbukumbu za wanafunzi inampa aliyejiunga na chuo haki ya kuisoma barua yake, na fomu ya maombi humwuliza kama anaiachia haki hiyo. Wengi huiachia, kwa kuwa barua isiyoonwa na mwombaji huaminiwa zaidi.

Jina la mhadhiri lisiingizwe kwenye mfumo wa maombi kabla hajakubali, na anwani yake ya barua pepe iwe ile ya chuo. Kiungo cha kupakia barua hutumwa na mfumo wenyewe, si na mwanafunzi, na mara nyingi huangukia Spam. Mifumo mingine haikitumi mpaka mwombaji awasilishe fomu yake, kwa hiyo anayesubiri siku ya mwisho anambana mwalimu bila kujua. (Mwisho ukiwa saa sita kasoro dakika moja usiku pale New York mwezi Desemba, Dar es Salaam ni saa mbili kasoro dakika moja asubuhi ya kesho yake. Mwalimu aambiwe tarehe 15, basi.)

Wiki moja kabla, binti anatazama kwanza kwenye mfumo kama barua imefika. Kama bado, anaandika: “Shikamoo Dokta. Nakukumbusha kwa heshima kuhusu barua ya tarehe 15. Kiungo huenda kimeingia Spam. Nimeambatisha tena maelezo yangu.” Neno “umesahau” halimo. Siku mbili kabla, ujumbe mfupi wa simu unatosha.

Barua ikishaingia, anashukuru siku hiyohiyo, na majibu yakitoka anayapeleka hata kama amekosa. Barua inabaki kwenye kompyuta ya mhadhiri. Binti akiomba tena mwaka ujao, kitakachobadilika ni tarehe na jina la chuo.